Wanasema 8 kati ya 10 zinapita, nilipe VIP ama niache?

Swali

Kaka habari. Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Nakuru. Kuna rafiki yangu wa chama aliniingiza kwenye chaneli ya Telegramu ya hisa za NSE, soko la hisa la Nairobi, ile ya bure, iko na watu kama elfu nne. Admini anatuma jina la hisa, bei ya kuingilia na bei ya kuuzia, halafu baadaye anaweka skrinshoti ya faida. Anasema 8 kati ya 10 zinapita. Sasa wamefungua VIP, ni 2,500 kwa mwezi ama 20,000 ya maisha, na ofa inaisha Jumapili. Niko na 180,000 nimetoa sacco na mkono unawasha. Sijanunua kitu bado, lakini nimekuwa nikiandika kwenye daftari meseji zao kumi za karibuni, saa iliyotumwa, bei niliyoikuta mimi kwenye apu ya broka nilipofungua, na bei niliyoiona siku waliposema uza. Mbili hawajasema uza mpaka leo, wanasema tushikilie. Nimekutumia picha za hizo kurasa. Rafiki yangu anasema yeye amepata 14,000 na najua si muongo. Nitajuaje kama hawa watu wanajua kazi yao kweli?

Mwalimu, Nakuru

Jibu

Mwalimu, watu wengi wananiandikia wakiwa wameshalipa, wewe umeandika ukiwa na daftari. Hilo daftari ndilo litakalokujibu, mimi nitakusaidia kulisoma tu. Majina ya hisa nimeyaacha kwa sababu kampuni yenyewe huenda haina habari kwamba kuna mtu anaipigia debe huko.

Tuanze na ile hisa ndogo ya ukurasa wa pili. Jana yake ilifunga 5.00. Meseji ikaja saa nne na dakika kumi asubuhi, nunua 5.00 hadi 5.10, lengo 5.80. Wewe ulifungua apu saa nne na dakika arobaini, na umeandika vizuri kwamba muuzaji wa bei ya chini kabisa alikuwa anataka 5.40. Siku mbili baadaye admini akaweka roketi na moto, "lengo limepigwa, faida 16%", na kweli ukiangalia bei ya juu ya siku hiyo ilifika 5.85. Hajadanganya hapo. Lakini wewe siku hiyo ulipofungua upande wa wanunuzi uliandika kwamba aliyekuwa anatoa bei nzuri alikuwa anatoa 5.50. Hiyo 5.85 inaweza kuwa ni hisa mia mbili tu zilizobadilisha mkono dakika tano za kwanza, bei ya juu ya siku haikuambii ni hisa ngapi ziliuzwa kwa bei hiyo.

Sasa weka ada. Broka wa hapa pamoja na tozo za soko anakukata kama asilimia 1.5 hadi 2.1 unaponunua, na tena unapouza, kutegemea broka na ukubwa wa oda. Tuchukue 2 kwa hesabu rahisi. Umenunua 5.40, na ada inakuwa kama 5.51. Umeuza 5.50, ukitoa ada unabaki na 5.39. Kwa hiyo kwenye ile ile meseji yeye anaandika faida ya asilimia 16 na wewe umepoteza kama asilimia 2, na hakuna hata mmoja amesema uongo. Tofauti yote imetoka kwenye nusu saa na kwenye ada. Ndiyo maana nasisitiza bei ya kuandika ni ile ambayo wewe ungeipata, yaani bei ya muuzaji unaponunua na bei ya mnunuzi unapouza, bei iliyo kwenye meseji waachie wenyewe.

Nikafanya hivyo hivyo kwa zote kumi. Zile nane alizotangaza ukijumlisha asilimia zake zinafika 96, inapendeza sana. Kwa bei zako wewe, kabla ya ada, zinakuwa 12, 9, 7, 3, 3, 2, 1 na 1, jumla 38. Zile mbili ambazo "tunashikilia" moja iko chini asilimia 18 na nyingine 22, jumla 40. Hapo tayari uko chini kwa 2. Halafu ada, kununua na kuuza ni asilimia 4 mara kumi, yaani 40 nyingine. Tuseme ungeweka shilingi 10,000 kwa kila meseji, ungekuwa umetoa 100,000 na sasa ungekuwa na kama 95,800, na hiyo ni kabla hujalipa VIP. Na ona, bado ni kweli kwamba 8 kati ya 10 "zimepita", kwa maana bei ilipanda baada ya meseji. Kwa soko letu faida yoyote ya chini ya asilimia 4 ni hasara, kwa hiyo zilizopita kweli ni tatu.

Hapa ndipo hiyo namba yao ya 8 kati ya 10 inapowapiga watu chenga. Mtu yeyote anaweza kutengeneza 8 kati ya 10, anatangaza ushindi bei ikisogea kidogo tu, na ikishuka anakataa kuuza, hiyo haihesabiwi hasara, inaitwa subira. Ukisikia mtu anataja zimepita ngapi, muulize zilizopita zilileta wastani wa asilimia ngapi, na zilizokataa zilikula ngapi, pamoja na zile ambazo hajafunga. Kama hana jibu la sehemu ya pili basi hata ya kwanza haina kazi.

Sasa rudi kwenye ile hisa ya 5.00, maana kuna kitu kingine ambacho hukukiandika. Nenda `afx.kwayisi.org/nse`, bonyeza jina la hisa, utaona bei na idadi ya hisa zilizouzwa kwa siku kumi za soko zilizopita, ni bure. Mimi nilikuwa nimeihifadhi hiyo. Siku za kawaida hisa hiyo inauza kama hisa 8,000, yaani kama shilingi 40,000 tu kwa siku soko zima. Halafu siku mbili kabla ya meseji ikauza 60,000 na 90,000, bei ikapanda kutoka 4.50 hadi 5.00. Kuna mtu alikuwa anakusanya kabla nyinyi hamjaambiwa. Nani, sijui, na kukusanya peke yake si ushahidi, inaweza kuwa kuna habari ya gawio ama matokeo ya nusu mwaka ilikuwa inanukia, kwa hiyo angalia kwanza kama kampuni ilitoa tangazo lolote wiki hiyo. Kama hakuna tangazo, na mchezo ni ule ule kwenye meseji tatu nne tofauti, wingi unapanda siku mbili kabla, meseji inakuja, bei inaruka, kisha inarudi chini, hapo si bahati tena.

Na fikiria hesabu ya watu. Mko elfu nne. Tuseme mmoja tu kati ya ishirini ananunua, tena kwa 10,000 tu. Hao ni watu 200 na shilingi milioni 2, zinagombania hisa inayouza 40,000 kwa siku. Bei lazima iruke, na NSE inaruhusu hisa kupanda hadi asilimia 10 tu kwa siku, kwa hiyo ikigonga hapo waliochelewa wanabaki na oda hazijajibiwa, kesho yake wanaingia juu zaidi. Wenye kuwauzia ni wale waliokuwa nazo. Halafu hao watu 200 siku wakitaka kutoka watamuuzia nani? Soko likirudi kwenye 40,000 yake ya kawaida wanahitaji siku hamsini za soko kutoka wote. Ile hisa ya 5.00 saa hii iko 4.85.

Ndiyo maana swali la VIP liko tofauti na unavyolifikiria. Mara nyingi VIP wanapata meseji kwanza, bure wanapata baadaye, na nyinyi wa bure ndio wanunuzi wanaosubiriwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa VIP wanafanya vizuri kuliko nyinyi, lakini hiyo si ujuzi wa kuchagua hisa, ni foleni tu, na huwezi kujua kama juu ya VIP hakuna kachumba kengine. Pia ni kosa kisheria, kupandisha bei ya hisa kwa makusudi ili uwauzie wengine ni udanganyifu wa soko, na aliyejiunga akijua mchezo hawezi kusema yeye alikuwa abiria.

Jambo lingine la kupima ni historia ya chaneli. Watu wanaingia wanaskroli nyuma wanaona ushindi mtupu, wanaamini. Kwenye chaneli ya Telegramu admini anaweza kufuta posti na isiache alama, anaweza pia kuibadilisha hata baada ya muda mrefu, ikibadilishwa utaona neno `edited` karibu na saa. Ila kuna kitu hawezi kukificha kirahisi. Kila posti ina namba yake na namba zinaenda kwa mfuatano. Bonyeza posti, chagua `Copy Link`, utapata kitu kama hiki:

```
https://t.me/jina_la_chaneli/812
```

Hiyo 812 ndiyo namba. Chukua ya posti inayofuata, kama ni 813 sawa, kama ni 819 kuna namba sita hazionekani. Usikimbilie kuhukumu, picha zikitumwa nne pamoja kila moja inakula namba yake, na kupini posti nako kunakula namba, kwa hiyo vipengo vidogo ni kawaida. Unachotafuta ni mapengo yanayoangukia wiki ambazo hisa zao zilishuka. Na kuanzia leo kila meseji ya kununua iforwadi kwenye `Saved Messages` yako mara tu ikifika, hata akifuta kwake nakala yako inabaki na maandishi yale ya mwanzo. Kama chaneli imezuia kuforwadi na kupiga skrinshoti, andika kwa mkono kama ulivyofanya. Wapo wanaozuia kwa kuogopa kuibiwa maudhui, lakini mtu anayeuza rekodi yake halafu hataki irekodiwe, mimi ananitia wasiwasi.

Tuseme sasa umekutana na mwingine ambaye rekodi yake haijafutwa na inaonyesha faida kweli. Bado usimpe pesa, muulize alianza lini. Mwaka 2023 faharasa ya NASI, ile inayobeba hisa zote za NSE, ilishuka karibu asilimia 28. Mwaka 2024 ikapanda karibu 34. Kenya Power peke yake ilitoka kwenye kama shilingi moja na nusu ikamaliza 2024 karibu na tano. Mtu aliyefungua chaneli Januari 2024 akawa anafumba macho na kuweka kidole kwenye orodha ya hisa, alikuwa na nafasi nzuri sana ya kuonekana bingwa. Kwa hiyo kwenye daftari ongeza safu moja, andika NASI ilikuwa ngapi siku ya meseji na ngapi siku ya kuuza. Hisa yake ikipanda 9 na soko lote likipanda 8, kazi aliyofanya ni 1, na ada imeshaila hiyo 1. Anayejua kazi utamwona mwaka ambao soko linashuka, hapo utaomba meseji zake za 2023 na wengi watakwambia chaneli ya zamani ilidukuliwa. Hii ya kudukuliwa nimeisikia mpaka nimechoka.

Meseji kumi pia ni chache, hata kwa yule anayeonekana mzuri. Ukirusha sarafu mara kumi, nafasi ya kupata vichwa 8 au zaidi ni kama 1 kati ya 18. Chaneli ziko mamia, kwa hiyo lazima kuna kadhaa zenye kumi nzuri kwa bahati tupu, na hizo ndizo utakazotumiwa linki zake, zile zilizoanguka zilishabadilishwa jina. Mimi nisingeamini chochote chini ya meseji 50 zilizoandikwa kabla ya tukio, tena zinazopita kwenye miezi mibaya na mizuri.

Kuhusu skrinshoti, sitaki hata kupoteza muda mwingi. Inaonyesha oda moja, haionyeshi akaunti. India mwezi Oktoba 2023 msimamizi wa soko lao, SEBI, alitoa amri dhidi ya jamaa aliyejulikana mtandaoni kama Baap of Chart, aliyekuwa anauza kozi na kuelekeza watu hisa za kununua huku akionyesha faida. SEBI walipofungua akaunti zake za biashara walikuta kati ya Januari 2021 na Julai 2023 yeye mwenyewe alikuwa na hasara ya karibu rupia milioni 29. Wakaamuru zishikiliwe rupia milioni 172 zilizokusanywa kwa wateja. Yaani kazi iliyokuwa inalipa ni ile ya kuuza kozi. Hapa kwetu anayetaka kukuonyesha ukweli anaweza kukuonyesha statementi yake ya mwaka mzima ya CDSC, wale wanaotunza akaunti za hisa, hiyo inaorodhesha kila hisa iliyoingia na kutoka kwenye akaunti. Hata hiyo si kinga kamili, mtu anaweza kuwa na akaunti ya pili, lakini bado sijaona muuza signali hata mmoja aliyekubali.

Rafiki yako wa chama mimi namwamini. Kwenye mchezo wa namna hii wapo wanaopata kweli, walioingia mapema. Muulize mambo mawili tu kwa upole. Hiyo 14,000 ameshauza na pesa imerudi kwake, ama ni namba ya kijani kwenye apu? Na je, chaneli inawalipa wanaoleta watu wapya? Kama analipwa, hata mia tano kwa kila kichwa, basi wewe ni sehemu ya faida yake bila yeye kuwa mtu mbaya.

Leseni nimeiacha nyuma kwa sababu ni ya haraka. Kwa sheria za Kenya kulipisha watu kwa kuwashauri hisa za kununua ni kazi ya leseni kutoka CMA, msimamizi wa masoko ya mitaji, na orodha ya wenye leseni iko kwenye `cma.or.ke`. Jina la kampuni likiwepo, usipige namba iliyo kwenye chaneli, tafuta namba ya kampuni yenyewe uulize kama chaneli ni yao, maana kunakili jina na namba ya leseni ya kampuni halali ni kazi ya dakika moja. Halafu angalia pesa inakoenda. M-Pesa ikionyesha jina la mtu binafsi badala ya jina lililo na leseni, hapo umemaliza. Ila leseni ikiwepo isikulegeze, inamaanisha kuna pa kulalamika, haimaanishi meseji zao zinaleta faida, daftari linaendelea vile vile.

Kwa hiyo hiyo VIP usilipe, si kwa sababu nimekuthibitishia ni wezi, ila kwa bei zako mwenyewe meseji zao zimekula asilimia 4 ya pesa ambayo kwa bahati hukuiweka. Tena 20,000 kwenye mtaji wako wa 180,000 ni asilimia 11, yaani ungeanza ukiwa na 160,000 na ungehitaji zipande asilimia 12.5 ili tu urudi ulipokuwa, kabla ya ada za broka. Hiyo pesa ya sacco kama bado hujaamua, usiiache kwenye akaunti ya broka inakuangalia.

Kama unataka kuwapa nafasi ya mwisho, kabla ya Jumapili mwandikie admini hivi: "Naomba orodha ya meseji zote za mwaka 2023 pamoja na ambazo hazijafungwa, tarehe na saa, na nani mwenye leseni ya CMA hapa." Muulize hadharani kama chaneli inaruhusu maoni, ili wengine nao wasome. Akileta orodha nitumie, nitakaa nayo nikuhesabie kama nilivyofanya na hizi kumi. Akikutoa kwenye chaneli, nitumie pia skrinshoti ya hiyo, na mpe rafiki yako wa chama aione.